Lini unaweza kuitupa poli ya tatu

Tuchukue mota inayodhibitiwa mkao kwa mrejesho wa moja kwa moja, ambayo funksheni yake ya uhamisho kitanzi kikiwa wazi ni 156/(s(s² + 16s + 61)), tuone kama poli moja kati ya tatu za kitanzi kilichofungwa inaweza kutupwa ili ibaki hesabu ya daraja la pili.

1. Funga kitanzi kwanza. Poli za kitanzi wazi ni 0, −6.27 na −9.73. Ziache, maana hazikuonyeshi jibu la mota litakavyokuwa. Kitanzi kikifungwa, asili inakuwa s³ + 16s² + 61s + 156, na poli zake ni −12 na jozi ya −2 ± j3.

2. Pima umbali. Linganisha sehemu halisi: 12 ni mara 6 ya 2, na desturi hudai angalau mara 5. Baada ya sekunde 0.25, mchango wa poli ya −12 umebaki asilimia 5 ya ulivyoanza, ilhali ule wa jozi bado una asilimia 61. Jozi ndiyo inayotawala.

3. Tupa poli, bakiza geini. Andika s + 12 kama 12(1 + s/12). Kinachotupwa ni s/12 peke yake. 156 ukigawa kwa 12 unapata 13/(s² + 4s + 13). Ukisahau kugawa, jibu litatulia kwenye 12 badala ya 1.

4. Tafuta sifuri. Hapa ndipo kanuni ya mara 5 inapowaponza wengi, kwa kuwa inahesabu poli tu. Tuseme kidhibiti kimeleta sifuri kwenye −2.5, na funksheni ya kitanzi kilichofungwa ni 62.4(s + 2.5) juu ya asili ileile. Poli hazijasogea, geini bado ni 1, lakini kupitiliza kunaruka kutoka takriban asilimia 12 hadi 36. Sababu ni kwamba sifuri hujumlisha jibu la awali na mteremko wake uliogawanywa kwa 2.5, na mteremko huo ni mkali mwanzoni. Kwa hiyo poli ya −12 bado unaweza kuitupa, ila sifuri lazima ibaki, na fomula za kawaida za kupitiliza usizitumie. Sifuri nayo ipimwe kama poli: ikiwa mbali kushoto, athari yake ni ndogo. Ikiwa upande wa kulia, usiitupe kamwe, kwani hufanya jibu lianze kwa kurudi nyuma.

5. Chora zote mbili. Mimi sikubali makadirio kabla ya kuona michoro ikiwa pamoja. Octave inatosha:

```
pkg load control
T  = tf(156, [1 16 61 156]);
T2 = tf(13, [1 4 13]);
step(T, T2)
```

Mfumo wa daraja la pili unapitiliza asilimia 12.3 kwenye sekunde 1.05, ule halisi, asilimia 11.7 kwenye sekunde 1.14. Kilele kimechelewa karibu sekunde 0.1. Kwa kukadiria kupitiliza, hiyo inavumilika. Ila ukitaka kuizungushia mota hii kitanzi cha pili chenye kasi, irudishe poli ya −12 kwenye hesabu, kwa sababu kwenye radiani 12 kwa sekunde peke yake inachelewesha awamu kwa digrii 45.