Chanjo ya mdondo inahitaji wiki mbili: usisubiri kuku wa jirani waanze kufa

Wafugaji wa kuku wa kienyeji wa Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe wanaujua mdondo vizuri, kwa hiyo hatutaeleza hapa kinyesi cha kijani wala shingo iliyopinda. Tunaandika kwa sababu ya kosa moja linalorudiwa kila kiangazi: mfugaji hukaa miezi yote bila kuchanja, na siku anaposikia kuku wa jirani wanakufa ndipo anapokimbilia duka la dawa za mifugo kutafuta chanjo ya I-2. Juma hilohilo kuku wake wanakufa, naye anawaambia wenzake kwamba chanjo ndiyo iliyowaua. Anayeijua kazi inayofanywa na tone la chanjo linalowekwa jichoni ndani ya mwili wa kuku hawezi kulirudia kosa hili.

Chanjo ya I-2 si dawa ya kutibu. Ni kirusi hai cha jamii ileile ya mdondo, ila ni cha aina isiyoleta ugonjwa. Kirusi chochote cha mdondo kina protini mbili juu ya ganda lake: moja hukishikiza kwenye seli ya kuku, na nyingine hukifungulia njia ya kuingia. Hiyo ya pili haifanyi kazi mpaka ikatwe mahali fulani na vimeng'enya vya kuku mwenyewe. Kwa kirusi kikali, mahali hapo pameumbwa kwa namna ambayo vimeng'enya vilivyomo karibu katika kila kiungo vinaweza kukata hapo, na ndiyo maana huenea hadi kwenye utumbo, wengu na ubongo. Kwa kirusi cha chanjo, panakatwa na vimeng'enya vinavyopatikana hasa kwenye njia ya hewa na utumbo tu. Kwa hiyo kirusi hicho huzaliana kwenye ngozi laini ya ndani ya maeneo hayo, kikakwama hapo, na kuku hauugui mdondo.

Hata hivyo sura ya nje ya virusi hivyo viwili inafanana kiasi kwamba kinga iliyojifunza kimoja inakitambua na kingine. Ni kama sungusungu walioonyeshwa mwizi aliyekwisha kufungwa mikono: hawakujeruhiwa, lakini sura wameishika. Tone likiingia jichoni, virusi hufika kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho la kuku, ambayo ina seli nyingi za kinga. Zile chache zinazoweza kukishika kirusi hicho huanza kugawanyika, zikawa nyingi, kisha zikatengeneza kingamwili, yaani protini zinazokinasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Nyingine hubaki kama seli za kumbukumbu, tayari kuamka haraka kirusi kitakaporudi.

Kugawanyika huko kunachukua siku, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapokosea hesabu. Kinga ya kutosha hupatikana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya tone. Kumpa kuku matone mawili au matatu hakupunguzi siku hizo. Kunamaliza chupa tu. Kirusi kikali nacho, kikishaingia, huleta dalili kwa kawaida baada ya siku 5 au 6, ingawa huweza kuwa siku 2 tu au kufika 15. Linganisheni wenyewe namba hizo.

Chukua boma lenye kuku 40 ambao hawajachanjwa. Jumatatu mwenye boma ananunua jogoo mnadani, anamfungulia kundini bila kumtenga, na jogoo huyo tayari amebeba kirusi. Kufikia Ijumaa kuku kadhaa wameambukizwa wakiwa bado wanakula na kutembea, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Jumapili wawili wanakutwa wamekufa bandani. Jumatatu ya pili chanjo inanunuliwa na kuku wote waliosalia wanawekewa tone, lakini wengi wao wamekwisha ambukizwa, na kinga inayoanza kujengwa leo itakuwa tayari Jumatatu ijayo kama mambo yakienda haraka. Ijumaa wanakufa kwa wingi. Zaidi ya hapo, mikono iliyomkamata kuku mgonjwa ndiyo iliyomkamata mzima, na ncha ya chupa iliyogusa jicho la mgonjwa ikagusa la mwenzake, kwa hiyo siku ya kuchanja yenyewe imeusambaza ugonjwa. Laiti tone hilohilo lingewekwa wiki tatu kabla ya mnada, jogoo angekuta kundi lililojiandaa.

Ugonjwa ukishaingia bandani mwako, usichanje. Tenga wagonjwa, zika au choma mizoga, usiuze wala usimpe mgeni kuku aonekanaye mzima, na usimwage oksitetrasaiklini kwenye maji ukitegemea iue kirusi, kwa sababu haiui kirusi chochote. Ikiwa mdondo uko kitongoji kingine na kwako haujafika, unaweza kuchanja, kwa chupa mpya na kwa mikono ya mtu ambaye hakupita kwenye maboma yenye ugonjwa, kisha ufungie kuku wako wiki mbili kamili. Siku tatu hazitoshi.

Kipimo ni tone 1 katika jicho 1, kwa kifaranga na kwa jogoo vilevile. Chupa ishikwe wima, mdomo ukitazama chini, kwa sababu ikiinamishwa upande matone hayalingani, na tone dogo linaweza kubeba virusi vichache visivyotosha kuishtua kinga. Subiri kuku afumbe na kufumbua jicho ndipo umwachie. Tone likidondokea manyoyani, rudia. I-2 huvumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, lakini kuvumilia si kuachwa juani kwenye kikapu cha baiskeli kutoka mjini hadi kijijini. Ifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na chupa ikishafunguliwa itumie siku hiyohiyo. Kuku aliyechanjwa vizuri haonyeshi dalili yoyote.

Seli za kumbukumbu hubaki, lakini kingamwili zinazozunguka kwenye damu na machozi hupungua kadiri miezi inavyopita, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Anayefuata Januari, Mei na Septemba hukuta kundi lake lina kinga kiangazi kinapoingia. Kuku aliyechanjwa anaweza bado kuambukizwa na kukitoa kirusi kidogo bila kuugua, kwa hiyo jirani asiyechanja hakingwi na bidii yako. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tumesikia vijiji ambako boma moja huchanja kwa niaba ya mengine.

Kundi halibaki lilelile kati ya Januari na Mei. Vifaranga walioanguliwa Februari hawana funzo lolote isipokuwa kingamwili walizorithi kwenye kiini cha yai, ikiwa mama yao alichanjwa, na hizo huisha ndani ya wiki chache. Wafugaji watano au sita wakikubaliana, wanaweza kununua chupa moja kila mwezi kwa ajili ya vifaranga wapya na kuku walionunuliwa. Kuku wa mnadani au wa zawadi kutoka kwa shemeji awekewe tone siku anayofika na akae peke yake siku 14. Akiugua ndani ya siku hizo, ameugua peke yake.