Jinsi ya kuomba kikao na mfadhili kuhusu taarifa ya ruzuku: salio limebaki, mvua ndiyo sababu

Taarifa ikienda kwa mfadhili ikiwa na salio kubwa, kukaa kimya ukisubiri maswali ni kumwachia mtu mwingine akueleze mradi wako. Afisa ruzuku anafungua jedwali la fedha, anaona pesa hazijatumika, na kabla hujapigiwa simu ameshaandika pendekezo lake kwa wakubwa zake. Mara nyingi pendekezo hilo ni moja: salio likatwe kwenye fedha za awamu inayofuata. Kikao unachokiomba mapema ndicho kinachokupa nafasi ya kusema kabla uamuzi haujaandikwa.

Nitatumia mfano wa kubuni, ila tarakimu zake zinafanana na zile ninazokutana nazo kila mwaka. Asasi ndogo ya Temeke inajenga vyoo vya wasichana katika shule ya msingi na kuwafundisha walimu masuala ya hedhi salama. Ruzuku ni shilingi 42,000,000 kwa mwaka 2025. Awamu ya kwanza ilikuwa shilingi 25,000,000. Hadi tarehe 30 Juni zimetumika 15,000,000. Taarifa ya nusu mwaka imewasilishwa tarehe 28 Julai. Ofisi ya mfadhili iko Masaki.

Hatua ya 1: Soma mkataba kabla ya kufungua barua pepe

Watu wengi wanaruka hapa, halafu wanaomba kikao cha mambo ambayo hayahitaji kikao. Tuangalie vifungu vya asasi yetu kwa nusu mwaka. Ujenzi ulipangiwa 16,000,000, zimetumika 6,000,000. Mafunzo yalipangiwa 5,000,000, zimetumika 5,600,000. Usafiri na ufuatiliaji ulipangiwa 2,500,000, zimetumika 1,900,000. Utawala umetumia 1,500,000 kama ulivyopangwa.

Mhasibu akitazama mafunzo anashtuka: wamevuka kwa shilingi 600,000, yaani asilimia 12, na mkataba unasema ukivuka asilimia 10 ya kifungu lazima uwe na idhini ya maandishi. Lakini asilimia 10 ya nini? Mkataba wa mfano wetu unapima kwa bajeti ya kifungu kwa mwaka mzima, na mafunzo yana 10,000,000 kwa mwaka. Laki sita hapo ni asilimia 6. Hakuna idhini inayohitajika. Inatosha maelezo ya mstari mmoja kwenye jedwali, kwamba walimu wa shule mbili za jirani waliongezwa na gharama imefidiwa na kilichookolewa kwenye usafiri. Kama mkataba wako unapima kwa kipindi cha taarifa, hesabu inageuka, na jambo hilo linaingia kwenye ajenda.

Kwa hiyo yamebaki mawili tu: salio la ujenzi, shilingi 10,000,000, na muda wa kumaliza. Tazama pia mkataba unasema ombi la kuongeza muda lifike siku ngapi kabla ya mradi kuisha, na nani ana mamlaka ya kuliandika. Kwa kawaida ni yule aliyetia saini mkataba. Afisa mradi akiandika kwa jina lake, barua inaweza kurudishwa kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 2: Andika unachotaka waamue

“Kujadili taarifa yetu” si lengo la kikao. Afisa ruzuku anayesimamia asasi nyingi akiona maneno hayo atakupangia wiki ijayo, kisha nyingine. Andika lengo kama jambo ambalo mwisho wa kikao mtu anaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana. Kwa asasi yetu ni hivi: salio la shilingi 10,000,000 lisikatwe kwenye awamu ya pili, na mradi uongezewe muda hadi tarehe 28 Februari 2026 bila fedha za ziada.

Sababu nayo iwe moja na iwe ya kweli. Hapa ni masika: shimo la choo lilijaa maji Aprili, fundi akasimama, na mhandisi wa halmashauri akaelekeza ubunifu ubadilishwe, tangi liinuliwe juu ya usawa wa maji ya ardhini. Usiongeze kwamba bei ya saruji ilipanda na mwenyekiti wa kamati ya shule alihama. Sababu zikiwa nyingi msomaji anaanza kutafuta ipi ni kisingizio.

Hatua ya 3: Chagua viambatisho, na uviache vingine kabatini

Kila kiambatisho kijibu swali ambalo mfadhili atauliza. Kwa kikao hiki ninaweka vinne:

```
01_Taarifa_NusuMwaka_2025.pdf
02_Jedwali_Bajeti_na_Matumizi.xlsx
03_Usuluhishi_Benki_30Juni2025.pdf
04_Barua_Mhandisi_na_Ratiba_Mpya.pdf
```

Taarifa wanayo tayari, lakini iambatishe tena. Usimlazimishe mtu kuchimba kwenye barua pepe za wiki iliyopita. Jedwali liende kama faili la Excel ili afisa aweze kukagua hesabu mwenyewe.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachoharibu vikao. Taarifa inasema salio ni 10,000,000. Taarifa ya benki ya tarehe 30 Juni inasema 10,350,000. Mfadhili akiziona mbili hizo bila maelezo, kikao chote kitaishia kwenye hizo 350,000. Usuluhishi wa benki unaonyesha kwa mstari mmoja kwamba fundi alipewa hundi ya 350,000 tarehe 30 Juni na alikuwa hajaipeleka benki, kwa hiyo leja imeshaihesabu na benki bado. Kama tofauti yako huwezi kuieleza hivyo, usiombe kikao leo. Kaa na mhasibu kwanza.

Risiti za EFD na hati za malipo zisiende kwa barua pepe. Zikishaskaniwa ni nzito, na Gmail yenyewe haipitishi zaidi ya MB 25. Ziwe kwenye faili, zimepangwa kwa namba za hati, uende nalo. Orodha za mahudhurio zenye majina ya watoto na namba za simu za wazazi nazo zisiambatishwe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la adabu tu. Idadi inatosha.

Hatua ya 4: Andika barua yenyewe

Iwe fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya Ali Hassan Mwinyi. Hii hapa nzima:

> Yah: Ombi la kikao kuhusu taarifa ya nusu mwaka (Januari–Juni 2025), Mkataba Na. ______
>
> Ndugu Afisa Ruzuku,
>
> Habari za kazi. Rejea taarifa yetu ya nusu mwaka tuliyoiwasilisha tarehe 28 Julai 2025.
>
> Tunaomba kikao cha dakika 45 ofisini kwenu ili kupata uamuzi wenu juu ya mambo mawili:
>
> 1. Salio la shilingi 10,000,000 katika kifungu cha ujenzi. Kazi ilisimama Aprili na Mei baada ya shimo kujaa maji. Tunaomba salio hili lisikatwe katika awamu ya pili, kwa kuwa kazi iliyokusudiwa bado ipo na gharama yake haijabadilika.
>
> 2. Kuongeza muda wa mradi hadi tarehe 28 Februari 2026, bila nyongeza ya fedha.
>
> Tumeambatisha: (1) taarifa ya nusu mwaka, (2) jedwali la bajeti na matumizi, (3) usuluhishi wa benki wa tarehe 30 Juni 2025, (4) barua ya mhandisi wa halmashauri pamoja na ratiba mpya ya ujenzi. Hati za malipo tutakuja nazo.
>
> Tunapendekeza Jumanne tarehe 12 Agosti saa 4:00 asubuhi, au Alhamisi tarehe 14 Agosti saa 8:00 mchana. Tutakuja watatu: Mkurugenzi, mhasibu na afisa mradi. Kama siku hizo hazifai, tunaomba mtupangie nyingine ndani ya wiki hiyo.
>
> Wako katika kazi,
> Mkurugenzi Mtendaji
> *Nakala: Mhasibu, Afisa Mradi*

Barua hii inatumwa Jumatatu tarehe 4 Agosti, yaani siku nane kabla ya pendekezo la kwanza. Wiki hiyo ina Nanenane, na mwaka 2025 iliangukia Ijumaa, hivyo kupendekeza Alhamisi tarehe 7 au Ijumaa tarehe 8 ni kuomba kuahirishiwa. Saa 4 nimeichagua kwa sababu kutoka Temeke hadi Masaki asubuhi hakuna ajuaye utafika saa ngapi. Na kama ofisini kwa mfadhili kuna raia wa kigeni wasiohesabu saa kwa Kiswahili, mwaliko wa kalenda uandikwe 10:00, maana nimeona mtu aliyesubiriwa asubuhi akatokea alasiri.

Ile sentensi kwamba gharama haijabadilika iandike tu kama ni kweli. Tangi lililoinuliwa linaweza kugharimu zaidi ya shimo. Kama fundi ametoa makadirio mapya, yaweke kwenye kiambatisho cha nne na useme tofauti italipwa na nini. Ukifika na habari hiyo mdomoni tu, wataona ombi lenu limebadilika njiani.

Hatua ya 5: Fuatilia kwa simu

Siku tatu za kazi zikipita bila jibu, piga simu. Usitume barua ya pili yenye maneno yaleyale. “Habari za leo dada, ni mhasibu wa ile asasi ya Temeke, nilitaka kuhakikisha viambatisho vinne vimefunguka” inatosha. Umeuliza jambo dogo linalojibika, na yeye ataileta mwenyewe habari ya tarehe. Ujumbe wa WhatsApp ninauacha kwa ajili ya kusema tumefika getini.

Wakijibu kwamba kikao hakihitajiki na mambo yote yatamalizwa kwa barua, usilazimishe chai. Omba tu jibu lao liguse mambo yote mawili kwa namba zake.

Hatua ya 6: Siku inayofuata kikao

Tuseme mmekaa, na afisa amesema “hili halina shida, endeleeni”. Usimwambie fundi aanze bado. Neno la kikaoni halibadilishi mkataba. Kesho yake jibu kwenye uzi uleule wa barua pepe, mistari minne au mitano: tulikutana tarehe 12 Agosti, salio la shilingi 10,000,000 halitakatwa, muda unaongezwa hadi tarehe 28 Februari 2026, mtatutumia marekebisho ya mkataba kufikia tarehe fulani, nasi tutatuma jedwali lililorekebishwa kufikia tarehe fulani. Malizia kwa kuomba wathibitishe kwa maandishi.

Marekebisho yakifika, linganisha tarehe na tarakimu na hiyo mistari, kisha Mkurugenzi atie saini. Nakala moja iingie kwenye faili la mkataba na nyingine apewe mhasibu, kwa sababu mkaguzi atakapokuja mwakani na kukuta malipo ya fundi ya Januari, karatasi ya kwanza atakayoiomba ni hiyo.