Jinsi ya kuomba nafasi ya rafu na kupanga bei pale supamaketi inapodai asilimia yake

Mimi hutengeneza siagi ya karanga hapa Kampala, chupa za gramu 400. Mwaka jana niliomba kuingiza bidhaa yangu kwenye supamaketi moja yenye matawi kadhaa, nikakubaliwa, na oda ya kwanza ya chupa 240 ikanipa hasara. Karanga zilikuwa nzuri na zilinunuliwa zote. Kosa lilikuwa kwenye kisanduku kimoja cha fomu, na ndicho nitakachokieleza kwa kirefu.

Karatasi za kawaida hazina fumbo: usajili wa biashara wa URSB, namba ya mlipakodi yaani TIN kutoka URA, mamlaka ya mapato, cheti cha alama ya ubora cha UNBS, shirika la viwango, msimbopau, na sampuli mbili au tatu zenye lebo kamili. Bila cheti cha UNBS usijisumbue kwenda. Ukishapeleka hivyo, unapewa fomu ya msambazaji mpya, na humo ndani kuna sehemu ya bei.

Meneja wa manunuzi aliniambia, "Sisi tunachukua asilimia 25." Nikapiga hesabu niliyoizoea. Gharama yangu kwa chupa ilikuwa shilingi 6,500, nikaongeza faida yangu 1,000 ikawa 7,500, halafu nikaongeza asilimia 25 ya hiyo 7,500. Nikapata kama 9,400, nikaiandika kwenye kisanduku cha "bei ya rafu". Nikaondoka nikijua nitalipwa 7,500.

Hati ya oda ilipokuja, bei ya chupa ilikuwa 5,975. Nilidhani wamekosea, kumbe hesabu yao ilikuwa sahihi. Asilimia ya duka haihesabiwi juu ya bei yako, huhesabiwa ndani ya bei ya rafu. Tena kabla ya kuihesabu huondolewa VAT ya asilimia 18, kwa sababu bei anayoiona mteja tayari imebeba kodi hiyo. Kwa hiyo wao walifanya hivi:

```
9,400 ÷ 1.18 × 0.75 = 5,975
```

Kwangu mimi, karanga, chupa, lebo, gesi, kusaga, mishahara na usafiri peke yake vilifika 6,000, bado kodi ya nyumba. Nilikuwa nimeshasaini. Kila chupa iliondoka na shilingi 525 zangu.

Basi kabla ya kugusa fomu, uliza maswali haya na uandike majibu mbele yao. Asilimia yenu inahesabiwa kwenye bei ya rafu au juu ya bei yangu? Kabla ya VAT au pamoja nayo? Kuna punguzo mnalokata kila mwisho wa mwezi? Chupa zikivunjika au zikipitwa na tarehe, nani anabeba? Mnalipa baada ya siku ngapi? Ada ya kuingia rafuni ni ya mara moja au ya kila tawi? Kwangu majibu yalikuwa asilimia 25 ya bei ya rafu bila VAT, punguzo la asilimia 3 kila mwezi, bidhaa zote zisizouzika zinarudi kwangu, na malipo baada ya siku 60.

Sasa anza hesabu kutoka rafuni kushuka chini. Nenda dukani uangalie chupa za gramu 400 za wengine zinauzwa bei gani. Nilizikuta nyingi kwenye 12,000, nami sikuwa na jina la kunifanya niuze juu ya hapo. Ukigawanya 12,000 kwa 1.18 kisha ukazidisha kwa 0.75, duka litakulipa 7,627. Hiyo ndiyo bei ya kwenye ankara, lakini siyo inayofika mfukoni. Punguzo la mwezi likiishakatwa inabaki 7,398. Katika kila chupa mia, nne zilikuwa zinarudi, kwa hiyo wastani unashuka hadi 7,102. Na kwa kuwa pesa inakaa siku 60, mtaji nimekuwa nikiukopa kwenye chama chetu kwa asilimia 2 kwa mwezi, yaani shilingi 260 zaidi kwa chupa. Gharama halisi basi ni 6,760, na kinachobaki ni shilingi 342.

Faida niliyohitaji ili kazi iendelee ni 700. Kuipata kwa masharti yale yale, chupa ingepaswa kusimama rafuni kwa 12,600, na pale isingetoka.

Wengi hapa hurudi kumbembeleza meneja ashushe ile 25. Mimi nilijaribu, na nikaona wazi kwamba hana uwezo huo, maana imewekwa na wakubwa wake kwa kundi zima la bidhaa. Yale mengine yanayoizunguka ndiyo ana mamlaka nayo. Nikamwomba mawili. La kwanza, punguzo la mwezi liondolewe mpaka mauzo yangu yafike kiasi tutakachoandikiana. La pili, mimi mwenyewe nipite kila wiki mbili kukagua rafu, nibadilishe chupa zilizobakiza miezi miwili kabla ya tarehe, nizipeleke kwa wateja wangu wa sokoni wanaozimaliza kwa siku chache. Kwa hilo chupa zinazopotea zilishuka kutoka nne hadi mbili kwa mia. Hesabu ikawa 7,627 mara 0.98, sawa na 7,474. Ukitoa 6,760 zinabaki 714, na rafuni bado ni 12,000 ile ile.

Kama wewe umesajiliwa VAT, ile 7,627 ndiyo bei yako kabla ya kodi, na ankara itaandikwa 9,000. Kama hujasajiliwa, unaandika 7,627 tu, lakini kumbuka VAT uliyolipa kwenye chupa na vifuniko huwezi kuidai popote, ni sehemu ya gharama yako. Niliwahi kuisahau kwa sababu risiti za maduka ya jumla ya Kikuubo nilikuwa nazisoma jumla tu.

Kuna pia kodi ya zuio. Duka likiwa limeteuliwa na URA kuikata, malipo yanayozidi shilingi milioni 1 yanakatwa asilimia 6. Si gharama, kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato, ila pesa yenyewe haiko mkononi. Kwa chupa 600 kwa mwezi ankara yangu ni milioni 4.58 hivi, na zuio ni kama 275,000, wakati faida yote ya mwezi ni 428,400. Ukipanga kununua karanga za mwezi unaofuata kwa faida hiyo, utakwama. Dai cheti cha makato kila mara, usingoje mwisho wa mwaka.

La mwisho ni bei ya karanga yenyewe. Gharama yangu imejengwa kwenye shilingi 7,000 kwa kilo, na chupa moja hula gramu 460 kabla ya kukaanga na kuchambua zilizooza au kuota ukungu. Kilo ikipanda kwa 1,000, chupa inapanda kwa 460 na riba yake 18, na zile 714 zinabaki 236. Kwa hiyo usitumie bei ya wiki ya mavuno, wakati magunia kutoka Teso yamejaa soko la Owino. Tumia ya miezi ya uhaba. Na kwenye mkataba tafuta kipengele cha kubadili bei. Wangu unataka barua siku 30 kabla, na oda zilizokwisha kutoka hubaki na bei ya zamani. Barua yangu naiandika mara karanga zinapofika 7,500, maana nikisubiri zifike 8,000 nitakuwa nauza mwezi mzima karibu bila kitu.