Noti za watu sita, mwongozo mmoja: tulivyogawana muhtasari wa Kiswahili Kidato cha Nne

Mwaka huu nimewasaidia watahiniwa sita wa kujitegemea hapa Mtwara mjini, wengi wao wa Chikongola na Magomeni, kugawana muhtasari wa Kiswahili na kuunganisha noti zao. Mimi mwenyewe nilirudia mtihani huohuo kwa njia hii, na kundi letu nusura livunjike kwa sababu ya neno moja. Ninaandika hatua kama tulivyozipitia safari hii ya pili, na nitakaa zaidi kwenye hatua ya nne, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonikesha.

Hatua ya 1: Muhtasari mmoja, pepa za miaka mitano

Kila mtu aonyeshe muhtasari alio nao na mwaka ulioandikwa kwenye jalada. Kama mko na matoleo mawili, chagueni lile linalowahusu mnaofanya mtihani, jingine liwekeni kabatini. Halafu tafuteni fomati ya mtihani ya NECTA na pepa za miaka mitano. Hapa sina zaidi.

Hatua ya 2: Kugawana

Makosa ya kawaida ni kuhesabu mada na kugawanya kwa idadi ya watu. Mada kumi na mbili, watu sita, kila mmoja mbili. Inaonekana haki, lakini mtu mwenye rejesta anamaliza jioni moja wakati mwenye fasihi simulizi anahangaika wiki mbili. Sisi tulichukua zile pepa tano, kila swali tukaliandikia pembeni limetoka mada ipi, tukagawana kwa uzito huo.

Kanuni ya pili ndiyo iliyonigharimu zamani. Mada zinazotumia maneno yaleyale zikae kwa mtu mmoja. Kundi letu la kwanza lilimpa mtu mmoja aina za maneno, wa pili ngeli, wa tatu mofimu na mnyambuliko. Kila mmoja alikuwa na kitabu chake na mwalimu wake wa zamani. Wa kwanza akaandika "jina", wa pili "nomino", wa tatu akachanganya yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Safari hii aina za maneno na ngeli tulimpa dada mmoja fundi cherehani, na hatukumpa kitu kingine.

Tarehe ya kukabidhi iwe kabla Oktoba haijaanza. Mtihani ni Novemba, na Oktoba huku kwetu watu wako kwenye mikorosho. Mtu aliyesema "nitamalizia wiki ijayo" mwishoni mwa Septemba utampata Tandahimba, simu haishiki.

Hatua ya 3: Ukurasa wa istilahi kabla ya noti

Kabla mtu hajaandika sentensi moja, kaeni saa moja mkubaliane maneno. Karatasi moja tu, safu mbili: neno tunalotumia, na maneno mengine yenye maana hiyohiyo. Ya kwetu ilikuwa na mistari kumi na nne. Nomino, si jina. Irabu, si vokali. Kiarifu, si prediketa. Kikundi nomino (KN) na kikundi tenzi (KT) kwenye kuchanganua sentensi.

Mabishano makubwa yalikuwa kwenye ngeli. Dada fundi aliandika ngeli kwa upatanisho wa kisarufi, kijana mmoja wa bodaboda alikariri ngeli kwa maumbo ya nomino yenyewe. Nikawaambia wachukue maneno manne wanayoyaona kila siku. Mkorosho: kwa umbo ni M-MI, kwa upatanisho ni U-I, maana tunasema mkorosho umezaa, mikorosho imezaa. Bibo: JI-MA kwa umbo, LI-YA kwa upatanisho. Ukuta: U-N na U-ZI. Mpaka hapo ni majina tofauti ya kundi lilelile, mtu anaweza kutafsiri kichwani. Neno la nne lilikuwa kifaru.

"Kaka, kifaru ni KI-VI," akasema kijana. "Kina ki-, wingi vifaru."

"Mdogo wangu, utasema kifaru kimelala au kifaru amelala?" dada akamuuliza.

Hapo mifumo miwili haitoi majina mawili ya kitu kimoja, inatoa majibu mawili. Kifaru, kiongozi, kipofu na kijana wote wanahama kutoka KI-VI kwenda A-WA ukiacha umbo na kufuata upatanisho. Mwongozo ukiwa na mifumo yote miwili bila kusema, msomaji atajibu nusu ya swali kwa huu na nusu kwa ule. Tulichagua upatanisho, kwa sababu mtu akisahau jedwali anaweza kutunga sentensi na kusikiliza kitenzi. Mfumo wa maumbo tuliuandikia ukurasa mmoja peke yake, wenye kichwa chake, kwa ajili ya swali litakalouliza mfumo huo kwa jina.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Mtu mmoja aunganishe. Najua wapo wanaopenda sita waingie kwenye faili moja la Google Docs kila mtu na simu yake. Mimi sitaki. Wawili wakirekebisha aya moja kwa wakati mmoja hakuna anayejua toleo gani limekubaliwa, na umeme ukikatika katikati ya kazi nusu ya kundi inatoweka hewani. Kila mtu atume noti zake kwa maandishi yaliyochapwa, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Picha ya daftari sipokei, kwa sababu huwezi kutafuta neno ndani ya picha, na hatua hii yote ni kutafuta maneno.

Hata mkiwa na ukurasa wa istilahi, maneno ya zamani yatapenya. Watu wananakili kutoka vitabuni. Kwa hiyo baada ya kubandika noti zote kwenye faili moja la Word, unapita neno kwa neno ukibadilisha. Na hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilibonyeza `Ctrl+H`, nikaandika `jina` juu na `nomino` chini, nikabofya `Replace All`, nikahifadhi, nikafunga nikalala. Asubuhi nikakuta "manomino". Nikakuta mhusika wa hadithi ameota "nominomizi". Nikakuta "Taja nomino la mwandishi wa diwani hii."

Hayo ya kuchekesha yanaonekana mara moja. Yanayoumiza ni yale yasiyoonekana. Jina ni LI-YA, nomino ni I-ZI. Ukibadilisha neno, sentensi nzima iliyokuwa inalifuata inabaki nyuma: "nomino hili linataja", "nomino lililo katika wingi". Mwongozo unaofundisha upatanisho wa kisarufi, na wenyewe haupatani.

Kuna kosa moja baya zaidi. "Majina ya mahali" yakigeuzwa kwa pupa yanakuwa "nomino ya mahali". Soma tena. Haina kasoro machoni, kwa sababu "nomino ya mahali" ni umoja sahihi. Lakini mwandishi alikuwa anazungumzia wingi, ilipaswa kuwa "nomino za mahali", na kitenzi kinachofuata bado kinasema "yanaanza". Kwenye kurasa 34 nilipitwa na makosa ya aina hii mara mbili kabla sijajua natafuta nini.

Sasa nafanya hivi. Kwanza naangalia kama neno la zamani na jipya yako ngeli moja. Vokali na irabu zote ni I-ZI, kwa hiyo hapo `Replace All` ni salama. Prediketa ni I-ZI na kiarifu ni KI-VI, kwa hiyo si salama: "prediketa ina" lazima iwe "kiarifu kina". Jina na nomino si salama kabisa.

Kwa maneno yasiyo salama natumia `Find Next` na `Replace`, moja baada ya jingine, nikianza na wingi: `majina` kwanza, `jina` baadaye, ili "manomino" isizaliwe. Naweka alama kwenye `Find whole words only`, inayookoa jinamizi na jinai. Kila nikibadilisha nasoma mpaka kwenye nukta, si neno tu. Maneno ndani ya maswali ya mtihani na vifungu vilivyonukuliwa siyagusi, na "jina la mwandishi" linabaki jina, kwa sababu pale si istilahi ya sarufi.

Mwisho natafuta mabaki. Haya ndiyo ninayoandika kwenye kisanduku cha kutafutia, mstari mmoja kwa mara moja, na hapa ile alama ya maneno kamili naiondoa ili `nomino li` ikamate pia "nomino linataja":

```
manomino
nomino la
nomino li
nomino hili
nomino haya
nomino ya
```

Mstari wa mwisho utaleta mengi yaliyo sahihi. Usiuruke. Kwenye kila moja jiulize: hapa ni nomino moja au nyingi? Kama ni nyingi, ni "za". Kwetu ilichukua kama dakika arobaini, na nilimweka dada fundi pembeni asome kwa sauti, maana sikio linakamata "nomino yanaanza" haraka kuliko jicho lililochoka.

Fasihi simulizi ina mgongano wake, lakini ni wa aina nyingine. Kitabu kimoja kinataja tanzu nne: hadithi, semi, ushairi na sanaa za maonyesho. Kingine kinataja sita, kikiongeza mazungumzo na ngomezi, na hadithi kinaziita masimulizi. Hapa usibadilishe neno lolote. Chagueni mgawanyo mmoja uwe mwili wa mada, na mwingine uwe jedwali moja dogo mwishoni. Mkiuchanganya, mtapata tanzu saba ambazo hakuna kitabu kinachozijua.

Hatua ya 5: Jaribu kwa pepa

Chukueni pepa moja ambayo hamkuitumia kugawana. Kila mtu ajibu maswali ya mada ambayo hakuiandika, akitumia mwongozo peke yake. Swali lisilo na jibu ni pengo, rudisheni kwa mwenye mada. Swali lenye majibu mawili ni mgongano uliopenya. Sisi tulipata mapengo matatu na mgongano mmoja: "kiongozi" alikuwa bado KI-VI kwenye mfano wa mnyambuliko, sehemu ambayo hakuna aliyefikiria kuitafuta ngeli.

Hatua ya 6: Kutoa kopi

Hifadhi kwa PDF kabla ya kwenda steshenari. Ukipeleka faili la Word, kompyuta yao itahamisha majedwali ya ngeli na safu ya wingi itaangukia ukurasa wa pili. Toa nakala moja kwanza, ikague ukurasa kwa ukurasa palepale dukani, ndipo uagize tano nyingine.