Somo: Kunyanyua chuma kutoka chini, kwa mama aliyefikia ukomo wa hedhi

Shikamooni mama zangu, habari zenu dada zangu. Leo nafundisha zoezi moja tu, kunyanyua mzigo kutoka chini, kwa sababu linatia kazi nyonga na uti wa mgongo kwa pamoja, na huko ndiko mifupa yetu huvunjika. Mfupa hupungua kwa kasi zaidi kuanzia kama mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho hadi miaka miwili hivi baadaye, estrojeni inaposhuka. Kwa hiyo usingoje mpaka hedhi ikome kabisa.

Wiki 4 za kwanza tumia ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo yenyewe ni mizani yako. Jaza lita 10, iweke katikati ya miguu, tanua miguu kidogo kupita mabega. Sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango kwa makalio huku mikono imeshika sahani, kisha kunja magoti mpaka ufikie mkono wa ndoo. Mgongo ubaki umenyooka. Vuta pumzi, kaza tumbo, sukuma ardhi kwa miguu usimame, toa pumzi ukishapita magoti. Mara 10, pumzika dakika 2, rudia hadi seti 3. Fanya siku 2 kwa wiki, mfano Jumanne na Ijumaa. Ukiona maji yanamwagika, unanyakua. Punguza kasi.

Baada ya hapo nenda jimu. Ile fimbo ndefu ya kawaida ina kilo 20 peke yake. Jimu zetu za mtaani nyingi zina vyuma vya kuchomelea au vya saruji, kwa hiyo vipime kwanza kwenye mizani ya dukani. Tena sahani zake huwa ndogo, fimbo inalala chini mno na mgongo unajipinda. Weka tofali chini ya kila upande mpaka fimbo ifike katikati ya muundi wa mguu.

Shabaha ni seti 5 za mara 5, kwa uzito ambao ukimaliza ya tano ungeweza kuongeza moja tu, labda. Hivyo ndivyo walivyofanya kina mama waliokoma hedhi kule Australia, katika utafiti uliochapishwa 2018: mara 2 kwa wiki, nusu saa, miezi 8, chini ya msimamizi, wakichanganya kunyanyua huku na kuchuchumaa na chuma, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kuruka. Mfupa wa mgongo wa chini uliongezeka asilimia 2.9. Wa wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ulipungua asilimia 1.2.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Tabata ana miaka 52 na kilo 68. Wiki ya 5 alianza na kilo 20, mara 8 seti 3. Akaongeza kilo 2.5 kila alipomaliza seti zote bila kujipinda, na wiki ya 14 akafika 40, mara 5 seti 5. Hujipasha moto kwanza kwa 20 mara 8, kisha 30 mara 5. Kwenye 42.5 mgongo ukaanza kujikunja seti ya nne. Tukarudi 37.5 kwa wiki 2, ndipo akapita.

Maswali ya wanachama

*Wa Mbagala: Mwalimu, mimi nabeba ndoo ya lita 20 kila siku tangu msichana. Si inatosha?*
Dada, mfupa hujibu mzigo mgeni. Ile ndoo umeizoea miaka 30, mwili hauioni tena. Ingekuwa inatosha tusingekuwa na bibi zetu waliopinda mgongo. Pandisha kilo.

*Wa Kinondoni: Natembea ufukweni Coco kila asubuhi, kilomita 5.*
Moyo unanufaika, endelea. Kwa mifupa, kutembea hakutoshi.

*Wa Temeke: Daktari ameniambia mifupa yangu ni dhaifu, na mgongo unauma ghafla tangu mwezi jana. Nianze na ndoo?*
Hapana, mama. Maumivu ya ghafla ya mgongo kwa mtu wa hali yako yanaweza kuwa pingili iliyobonyea. Rudi ukapigwe picha kwanza, usiiname kuokota kitu ukiwa umekunja mgongo, na ukiruhusiwa anza na mtu anayekutazama ana kwa ana, si kwa kusoma hapa.

*Wa Ilala: Nina presha.*
Isipodhibitiwa kwa dawa, subiri. Ikidhibitiwa, muulize daktari wako, na usibane pumzi: toa hewa unaponyanyua, baki kwenye mara 8 hadi 10 za uzito wa kati.

*Wa Tabata: Nikapime mifupa baada ya miezi mitatu nione?*
Utapoteza hela. Mfupa hujijenga polepole, kipimo hakioni tofauti kabla ya mwaka hivi. Kwa sasa tazama daftari lako la kilo.