Wastani wa shinikizo la ateri: kutoka namba ya monita hadi uamuzi kando ya kitanda

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wauguzi na matabibu wanaoanza zamu katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambao tayari wanajua kupima presha lakini hawajazoea kuifuata ile namba ndogo iliyo ndani ya mabano kwenye monita. Tutamfuata mgonjwa mmoja wa mfano: mama wa miaka 58, mwenye uzito wa kilo 60, ambaye ametumia dawa za presha kwa miaka mingi na sasa ameletwa akiwa na nimonia kali. Amechanganyikiwa, anapumua haraka, vidole vyake ni vya baridi, na presha yake ni 88/46.

Hatua ya 1: Kokotoa wastani

Kanuni ni fupi:

```
wastani = chini + (juu - chini) / 3
```

Kwa mama huyu, 88 ukitoa 46 ni 42. Theluthi yake ni 14. Ukiijumlisha na 46 unapata 60 mmHg. Hatujumlishi namba mbili na kugawa kwa mbili, kwa sababu moyo unaodunda kwa mwendo wa kawaida hutumia takriban theluthi moja tu ya kila pigo kusukuma damu, na theluthi mbili zinazobaki hupumzika na kujaa. Shinikizo la chini hudumu kwa muda mrefu zaidi, hivyo lina haki ya kuhesabiwa mara mbili.

Jizoeze kukokotoa kwa kichwa, kwa maana namba ya juu hudanganya. Mgonjwa mwenye 110/40 humpa amani mtu anayeitazama ile 110 peke yake, ilhali wastani wake ni 63. Mwenye 96/58 huonekana kuwa na hali mbaya zaidi, ilhali wastani wake ni 71. Figo na ubongo hupata damu kwa msukumo wa pigo zima, si kwa kilele chake, na ndiyo maana timu ya wagonjwa mahututi hujadili wastani kabla ya namba nyingine yoyote ya presha.

Kanuni hii ni makadirio. Moyo ukienda mbio, tuseme mapigo 140 kwa dakika, muda wa kupumzika hupungua zaidi ya unavyopungua muda wa kusukuma, na wastani halisi huwa juu kidogo ya ule uliokokotoa. Usishangae kanuni ikikupa 62 na mstari wa ateri ukionyesha 66.

Hatua ya 2: Fahamu namba imetoka wapi

Ukipima kwa mkanda wa mkononi na stetoskopu, unasikia namba mbili na wastani unaukokotoa mwenyewe. Mashine ya mkanda inayojijaza yenyewe hufanya kinyume cha tunavyodhani wengi: haisikii sauti yoyote, bali hupima mitetemo ya ateri wakati mkanda unapolegea, na mahali ambapo mitetemo ni mikubwa zaidi ndipo palipo karibu na wastani. Namba ya juu na ya chini huzikadiria kwa hesabu iliyowekwa na mtengenezaji. Kwa hiyo, ukikokotoa kutokana na namba hizo mbili ukapata tofauti ndogo na ile iliyo ndani ya mabano, andika iliyo ndani ya mabano.

Mkanda mdogo kuliko mkono hutoa shinikizo la juu kuliko ukweli. Kipimo kizuri ni mfuko wa hewa wenye upana wa takriban asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Tena, mashine hizi huyumba mapigo ya moyo yanapokosa mpangilio na presha inaposhuka sana, yaani wakati ule ule tunapozihitaji zaidi. Hapo ndipo kanula ya ateri inapostahili, kwa kawaida kwenye kifundo cha mkono, ili shinikizo lisomwe pigo kwa pigo.

Hatua ya 3: Hakiki mstari wa ateri kabla ya kuuamini

Mama wetu amepewa maji ya dripu na antibiotiki, ameanzishiwa noradrenalini, na amewekewa kanula ya ateri. Monita inaonyesha wastani wa 74 na kila mtu amepumua. Saa mbili baadaye muuguzi anatazama mfuko wa mkojo: kwa saa nzima iliyopita zimeingia mililita 15 tu, wakati kwa uzito wake tungetarajia angalau 30. Vidole bado ni vya baridi. Namba na mgonjwa havisemi jambo moja, na katika hali hiyo chunguza namba kwanza.

Kihisi cha shinikizo, kile kifaa kidogo ambacho bomba la ateri linaishia, kinapaswa kuwa usawa wa moyo. Alama yake ni pale nafasi ya nne kati ya mbavu inapokutana na mstari wa katikati ya kwapa. Kikiwa chini ya usawa huo, uzito wa maji yaliyo ndani ya bomba huongezeka juu ya shinikizo la mgonjwa na monita husoma zaidi. Kikiwa juu, husoma pungufu. Kila sentimita 10 ni sawa na takriban 7.4 mmHg.

Muuguzi anagundua kwamba kitanda kilipandishwa wakati wa kumgeuza mgonjwa, lakini kihisi kilibaki kimefungwa kwenye nguzo ya dripu pale pale kilipokuwa. Tofauti ni kiasi cha sentimita 20. Hiyo ni takriban 15 mmHg ambazo mgonjwa hakuwa nazo, na ile 74 iliyotutuliza ni 59 kwa kweli. Anakipandisha kihisi hadi usawa wa moyo na monita inashuka hadi 59 mbele ya macho yake. Hakuna aliyebadilisha dawa, na mgonjwa mwenyewe hajabadilika. Kilichosahihishwa ni kipimo. Kwa maoni yangu, kukagua kihisi kila baada ya kugusa kitanda kunazuia makosa mengi kuliko mashine yoyote ya bei ghali.

Baada ya usawa, rudisha sifuri: funga njia ya mgonjwa, fungua kihisi kwa hewa ya chumba, bonyeza sifuri kwenye monita, subiri mstari utulie kwenye 0, kisha funga hewa na ufungue tena njia ya mgonjwa. Hakikisha mfuko wa shinikizo unaosukuma maji ya kusafisha bomba uko kwenye 300 mmHg, maana ukilegea damu hurudi na kuganda.

Mwisho tazama umbo la wimbi. Fungua vali ya kusafishia kwa sekunde moja kisha uiachie: mstari unapaswa kushuka ghafla, ukayumba mara moja au mbili, ukarudi kwenye mawimbi ya mgonjwa. Ukishuka polepole bila kuyumba, kuna kiputo cha hewa, damu iliyoganda au bomba lililokunjika, na wimbi litakuwa bapa, namba ya juu ikiwa imeshuka na ya chini imepanda. Ukiyumba mara nyingi, namba ya juu itakuwa imetiwa chumvi. Katika kasoro zote mbili wastani huharibika kidogo kuliko namba ya juu na ya chini, lakini hauna kinga yoyote dhidi ya kihisi kilichokaa usawa usio sahihi.

Hatua ya 4: Linganisha na lengo la mgonjwa huyu

Kwa mtu mzima mwenye mshtuko unaotokana na maambukizi, miongozo ya kimataifa huanza na lengo la 65 mmHg. Viungo vyetu vina uwezo wa kubana na kulegeza mishipa yao ili mtiririko wa damu usibadilike sana presha inapopanda na kushuka. Uwezo huo una sakafu. Chini yake mishipa imelegea kadiri inavyoweza, na kila milimita ya shinikizo inayopotea ni damu inayopotea kwa figo na ubongo.

Sakafu hiyo haiko mahali pamoja kwa watu wote. Kwa mtu aliyeishi na presha ya juu kwa miaka mingi, kama mama huyu, huwa imepanda. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 776 wenye mshtuko wa aina hii kati ya lengo la 65 hadi 70 na lengo la 80 hadi 85. Vifo havikutofautiana. Hata hivyo, miongoni mwa waliokuwa na presha ya muda mrefu, wale wa lengo la juu walihitaji mashine ya kusafisha damu mara chache zaidi, huku kundi zima la lengo la juu likipata zaidi tatizo la moyo kudunda bila mpangilio. Faida ipo kwa baadhi, na gharama ipo pia.

Kwa mama wetu, timu inaongeza noradrenalini hadi wastani unafika 67. Mkojo unabaki mililita 18 kwa saa. Daktari anaamua kujaribu lengo la 75 kwa saa chache, na anaandika kwenye faili kwamba mkojo usipoongezeka watarudi 65. Sehemu hiyo ya pili ya agizo ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Mwenye jeraha la kichwa ana hesabu nyingine. Shinikizo linaloupa ubongo damu ni wastani ukitoa shinikizo la ndani ya fuvu, na lengo la kawaida ni 60 hadi 70. Fuvu likiwa na 20, wastani wa 65 unauachia ubongo 45 tu.

Hatua ya 5: Pandisha kwa njia inayofaa, na ujue kushusha

Wastani hutegemea damu inayosukumwa na moyo na ukinzani wa mishipa. Ukiwa chini, uliza kipi kimepungua. Maji husaidia pale tu moyo unapokosa cha kusukuma. Kuyaendeleza bila kukagua ni hatari, hasa mahali ambapo mashine za kupumulia ni chache. Utafiti wa Lusaka, Zambia, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba watu wazima wenye maambukizi makali na presha ya chini waliopewa maji mengi kwa utaratibu maalumu walikufa zaidi (asilimia 48) kuliko waliopata huduma ya kawaida (asilimia 33). Sikiliza mapafu baada ya kila chupa. Mishipa ikiwa imelegea, noradrenalini ndiyo dawa ya kwanza, na inaweza kuanzishwa kwa muda kwenye mshipa mzuri wa mkononi badala ya kusubiri mshipa mkubwa, mradi mahali pa sindano pakaguliwe mara kwa mara.

Kila unapobadilisha dozi, andika wastani pamoja na mkojo wa saa, hali ya fahamu na muda wa damu kurudi kwenye ncha ya kidole: bonyeza kwa sekunde 10, achia, hesabu. Zaidi ya sekunde 3 ni dalili kwamba damu haijafika vizuri hata kama monita inaonyesha 70.

Saa nne baada ya jaribio, mama huyu anatoa mililita 40 kwa saa na anajibu jina lake. Wastani wake sasa unasimama kwenye 82. Lengo lilikuwa 75, kwa hiyo zile 7 za ziada zinatokana na dawa asiyoihitaji, inayobana mishipa ya vidole na ya utumbo. Punguza noradrenalini kidogo, subiri dakika kadhaa, soma tena. Kabla ya kupunguza mara ya pili, angalia kihisi kiko wapi.