Mume akitaja mke wa pili, ulizia kwanza ndoa yenu na kiwanja

Dada, kulia si dhambi, lakini usitoe jibu wala saini usiku ule ule. Ikiwa mlifunga ndoa kanisani au kwa msajili, sheria ya Uganda haimruhusu mumeo kuoa mwingine ndoa yenu ikiwa hai. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila ndizo zinazoruhusu. Kwa Waislamu, Sura An-Nisaa, aya ya 3, inamtaka anayehofia kutotenda uadilifu atosheke na mmoja, basi mwulize mbele ya imamu atagawaje kodi, karo na siku.

Akitaka kuweka rehani kiwanja mnachoishi ili agharimie mahari, Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake, inadai ridhaa yako kwanza, hata kama hati ina jina lake peke yake. Hapo ndipo wengi hudanganywa, kwa kuwekewa karatasi inayoitwa “ya benki tu”. Unaweza kuandikisha zuio juu ya kiwanja hicho katika ofisi ya ardhi kabla hajaanza kutafuta mkopo, na kufanya hivyo hakukulazimishi kudai talaka.